Bomba limezibwa, lami imebaki shimo: muulize kiongozi hivi

Kila bomba likipasuka chini ya lami hadithi ni ileile. Mafundi wanakuja, wanakata barabara, wanaziba bomba, wanafukia udongo wanaondoka. Mvua ya kwanza ikinyesha pale pamezama, bajaji zinaingia na tairi zinatoka zimepinda, halafu kiongozi anatangaza kwamba "matengenezo yanaendelea". Watu wanajibu kwa hasira au wanapiga makofi, na vyote viwili havimlazimishi kusema kitu. Mimi ni mhandisi wa barabara, kazi yangu kubwa ni kupima udongo na kokoto, kwahiyo naomba niwape kitu cha kumuuliza ambacho hawezi kukizunguka.

Kwanza elewa kwanini panazama. Chukua mtaro wa kawaida unaokatiza barabara ya mtaa, urefu mita 6, upana sentimita 60, kina mita 1.20, hapo umetoa udongo kama kyubiki mita 4 na kidogo. Kurudisha inatakiwa bomba lizungushiwe mchanga mpaka juu yake kidogo, tuseme sentimita 40 kutoka chini. Zinabaki 80. Juu kabisa lami sentimita 5, chini yake kokoto sentimita 15, kwahiyo katikati kuna sentimita 60 za udongo au moramu, na hizo ndo zenye matatizo. Zinatakiwa ziingie kwa tabaka nne, kila moja sentimita 15 baada ya kushindiliwa, unamwaga kidogo, unaweka maji ya kiasi (udongo ukiwa mkavu sana haushikani, ukiwa tope nao haushindiliki), unapitisha ile mashine ndogo inayorukaruka, ndo unamwaga tabaka lingine. Sisi tunapima kila tabaka, kwa kawaida tunataka lifike asilimia 95 ya msongamano wa juu tuliopata maabara kwa udongo huohuo.

Sasa kinachofanyika mara nyingi, na nimesimama pembeni nikakiona kwa macho yangu, ni kwamba udongo wote unarudishwa kwa mpigo mmoja, mashine inapitishwa juu mara mbili tatu, juu panakuwa pagumu kama sakafu lakini chini ni laini kabisa, maana mashine ndogo ile nguvu yake haifiki nusu mita chini. Maji ya mvua yakiingia udongo wa chini unajipanga upya na juu panashuka, sentimita 5, 10, na ukiweka kiraka cha lami hapo unakuwa umefunika tatizo tu.

Kabla hujauliza pima kwanza, ni kazi ya dakika tano. Chukua ubao ulionyooka wa mita 2, uulaze ukatize mtaro, pima kwa rula nafasi iliyopo chini ya ubao, piga picha andika tarehe. Rudia baada ya wiki mbili. Halafu angalia asubuhi mapema siku ambazo hakuna mvua, usiku watu wamelala matumizi yanakuwa madogo na presha ya bomba inapanda, kwahiyo kama bomba bado linavuja utakuta pamelowa. Pakiwa pamelowa kila asubuhi ya jua, anza na mamlaka ya maji. Pakiwa pakavu ila panazidi kushuka, inaelekea ufukiaji ndo mbovu, na hapo unahitaji kujua barabara ni ya nani. Kwa Tanzania barabara kuu na za mkoa zipo chini ya TANROADS, za mitaa na wilaya zipo TARURA tangu 2017, na anayekata lami anatakiwa awe na kibali cha mwenye barabara.

Basi andika hivi: "Mheshimiwa, asante kwa taarifa. Mtaro wa bomba mbele ya shule ya msingi ulifukiwa tarehe 3, leo tarehe 17 umezama sentimita 6, picha hizi hapa, asubuhi pakavu. Naomba kujua, ufukiaji uliofanyika ni wa muda au wa kudumu? Nani anarudisha lami, mamlaka ya maji au wenye barabara, na ni tarehe ngapi? Tabaka zilipimwa ushindiliaji?"

Ona hamna tusi hapo wala lawama, ila kila swali lina jibu moja fupi. Akisema ni wa muda, sawa, kufukia kwa muda ni kawaida na si kosa, ila basi ana tarehe ya kudumu, aiseme. Akisema ni wa kudumu na umezama sentimita 6 kwa wiki mbili, inatakiwa ufukuliwe mpaka kwenye mchanga wa bomba na uanze upya kwa tabaka. Akikujibu "tutaweka kiraka", muulize tena swali la mwisho lile la vipimo, kwa heshima ileile.