Dhana potofu juu ya nyimbo za kumpa moyo rafiki aliyepoteza kazi

Kampuni za migodi zikipunguza watu hapa Lubumbashi, simu yangu huanza kulia. Wanaopiga ni ndugu na marafiki wa waliosimamishwa, na ombi lao ni lile lile: «Mwalimu, tupatie nyimbo za kumchangamsha huyu mtu, amekaa tu.» Ninafundisha kwaya, na ninawasindikiza kwa muziki watu waliofiwa au waliopatwa na hasara. Sentensi hiyo nimeisikia mpaka imenichosha, kwa sababu neno «kumchangamsha» limekwisha kuharibu kazi kabla haijaanza.

Dhana: Mtu mwenye huzuni apigiwe muziki wa kucheza, huzuni itaondoka yenyewe

Hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa kuwa wanaoifuata wanampenda mtu wao kweli. Wanakuja na bafle, wanafungulia ndombolo, wanamvuta mkono asimame. Naye anasimama! Anacheza kidogo, anatabasamu, anasema «asante shemeji», kisha anaingia chumbani na hatoki tena. Ndugu wanasema amepata nafuu. Nafuu hakuna. Amewafanyia adabu tu.

Muziki wa haraka huharakisha pumzi na mapigo ya moyo hata kwa mtu aliyekaa kitini. Kwa aliyetulia, hiyo ni raha. Lakini aliyepewa barua juzi, ambaye usiku anapiga hesabu ya kodi ya nyumba na minerval ya shule ya watoto, moyo wake tayari unakwenda mbio. Mdundo wa mapigo 130 kwa dakika unamwongezea mbio asizozihitaji. Zaidi ya hayo unamwambia, bila maneno, kwamba huzuni yake haikaribishwi sebuleni. Tangu hapo ana mzigo wa pili: kuwaonyesha nyinyi kwamba yuko sawa.

Ukweli ni kwamba wimbo wa kwanza unapaswa kukaa pale mtu alipo, na wa pili ndio usogee. Ira Altshuler, daktari wa magonjwa ya akili huko Marekani, aliliandika jambo hilo katika miaka ya 1940: anza na muziki unaofanana na hali ya mgonjwa, kisha ubadilishe polepole. Wanaofanya kazi hii bado wanamfuata. Wazee wetu wa rumba waliujenga mpango huo ndani ya wimbo wenyewe. Sehemu ya kwanza ni ya taratibu, mwimbaji analalamika: ameachwa, amesalitiwa, hana kitu. Kiitikio kinakuja na watu wengi wanajiunga. Ndipo magitaa yanachukua nafasi na sebene inaanza. Hakuna anayeanza na sebene. Mchezaji anaifikia akiwa amekwisha kusikia lalamiko, na miguu yake ina sababu ya kusogea.

Nichukue mfano wa kijana wa Katuba, fundi umeme wa magari makubwa, ambaye kampuni yake haikurudia kontra yake. Shemeji yake alikuwa amekwisha kujaribu bafle. Dada yake mkubwa akaniita jioni moja. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, mabega chini, pumzi fupi za juu ya kifua, na dekonti finale, karatasi ya hesabu ya mwisho ya kazi, imekunjwa mfukoni mwa shati. Sikumwuliza habari za kazi. Nilimwomba dada mtu azime televisheni, tukaweka simu mezani kwa sauti ndogo, kiasi kwamba mtu anaweza kuongea juu yake bila kupaza sauti.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa gitaa kavu, namna ya Katanga ya miaka ya 1950, ile ya Mwenda wa Bayeke na Edouard Masengo: mtu mmoja, gitaa moja, Kiswahili cha mjini. Nauchagua muziki wa namna hiyo kwa sababu gitaa moja halimjazi mtu masikio, na sauti inakuja kama ya mtu aliyekaa karibu naye. Ulikuwa na mapigo kama 70 kwa dakika. Kuyapima ni rahisi: tazama saa, hesabu mapigo ya mguu wako kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Wimbo ulipokwisha, sikuweka mwingine. Tuliacha kimya.

Kimya hicho watu wanakiogopa bure. Mwaka 2006 mtafiti Luciano Bernardi na wenzake huko Italia walichapisha uchunguzi wa watu 24 waliosikilizishwa muziki wa namna mbalimbali. Waliona kwamba katika dakika mbili za kimya zilizowekwa katikati, mapigo ya moyo na shinikizo la damu vilishuka hata chini ya vilivyokuwa kabla ya muziki kuanza. Yule kijana naye alianza kuongea wakati huo wa kimya. Alisema, «Yaya, nimefanya usiku wote ule, na hawakunipa hata mkono.» Dada yake akataka kumjibu kwamba Mungu ana mpango. Nikamwashiria anyamaze, kijana akaendelea.

Wimbo wa pili ulikuwa na mapigo kama 85, wenye kiitikio ambacho dada yake alikijua. Yeye akaimba, mimi nikajibu sauti ya chini. Kijana hakuimba, ila kidole chake kilianza kugonga ukingo wa kiti, na pumzi ikashuka tumboni. Hizo ndizo alama ninazozitafuta: kidole, mguu, pumzi, shingo iliyolegea. Tabasamu silihesabu, kwa sababu tabasamu ni rahisi kumpa mgeni. Wimbo wa tatu ulikuwa rumba ndefu, karibu mapigo 100, na tuliiacha ifike kwenye sebene yenyewe. Kufika hapo alikuwa ameomba bukari ale. Tukaishia hapo, ingawa dada mtu alitaka kuendelea. Nyimbo tatu zinatosha jioni moja. Ya nne huanza kuwa sherehe, na hakuna kilichotokea cha kusherehekea.

Kama wimbo wa pili hauleti alama yoyote, usikimbilie wa tatu. Rudi kwenye wa kwanza, au zima. Huenda jioni hiyo mtu wako anahitaji kukaa na wewe bila muziki.

Dhana: Wimbo wa huzuni utamzamisha zaidi

Kwa wengi si hivyo. Watafiti Taruffi na Koelsch waliwauliza watu 772 kutoka nchi mbalimbali kwa nini wanasikiliza muziki wa huzuni, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Faraja ilikuwa miongoni mwa majibu: mtu anasikia kwamba mwingine amepita pale pale.

Mpaka wake upo, na nataka uzingatiwe. Kuna mtu anayesikiliza wimbo, analia, kisha anaongea au analala. Huyo mwache. Kuna anayerudia wimbo ule ule saa nzima akiwa peke yake gizani, na kila ukiisha anarudia swali lile lile: kwa nini mimi, nani aliniuza kwa bosi? Huyo wimbo haumfariji, unamzungusha mahali pamoja. Usimpokonye simu. Kaa naye, usikilize mara moja pamoja naye, kisha mwombe sauti yake: «Ubeti huu unakukumbusha nini?» Mtu anayeongea na mwingine hawezi kuzunguka na swali lake kwa muda mrefu.

Dhana: Wimbo wa dini hauwezi kumkosea mtu

Unaweza, na mara nyingi unamkosea. Mimi ni mtu wa kwaya na ninasema hivi kwa heshima. Soma maneno kabla ya kutuma. Nyimbo za aina tatu ninaziweka kando kwa mtu aliyepoteza kazi. Ya kwanza ni zenye ahadi ya tarehe, kwamba mwaka huu ni mwaka wako na mlango unafunguka sasa. Mwezi ukipita bila mlango, wimbo umegeuka deni, na yeye anajiona imani yake ndogo. Ya pili ni zenye amri: amka, acha kulia, wewe ni mshindi. Ya tatu, na hii imejaa mjini kwetu, ni nyimbo za maadui kuaibishwa. Mtu anayejiuliza nani alimchongea kazini hahitaji kiitikio cha kumtafutia mchawi. Nimeona familia zikivunjika hapo.

Mfano mzuri wa matumaini uko kwenye Biblia yenyewe. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu. Inaanza kwa kuuliza «hata lini» mara nne, bila kujipamba, na kuimba kunakuja kwenye mstari wa mwisho. Kwaya inayoiimba iimbe yote. Wengi hukata malalamiko na kubakiza furaha ya mwisho, basi mtu wako anasikia tu watu wenye furaha wasiomjua.

Maneno yanayobeba vizuri ni yale yanayosema «sisi» badala ya «wewe», na yanayozungumzia siku ya leo: tumekula pamoja, tumelala salama, kesho tutaonana.

Dhana: Ukimtumia nyimbo nyingi kwenye WhatsApp umemsaidia

Nyimbo 40 bila neno ni kazi ya kufungua, na zinamalizia mega za mtu asiye na mshahara. Tuma moja. Andika chini yake kwa nini umeuchagua, kwa mstari mmoja, na usimwulize kama ameusikiliza. Bora zaidi, sema unakuja Jumamosi mchana kuusikiliza naye.

Dhana: Kama hujui kuimba, acha rekodi iimbe

Hapana. Sauti yako mbovu inamruhusu naye aimbe vibaya. Chagua kiitikio kifupi cha kuitikiana, chenye noti tano au sita, mlichokiimba shuleni au kanisani, na anza chini kuliko unavyodhani, maana mtu aliyelia sauti yake imeshuka. Mwachie sehemu ya kujibu. Asipojibu, jijibu mwenyewe na uendelee.

Dhana: Muziki ukimgusa, kazi imekwisha

Muziki unafungua mdomo, na kinachotoka mdomoni kinahitaji watu wengine. Yule fundi wa Katuba alitoa ile karatasi mfukoni siku ya pili. Dada yake alimtafuta mtu wa sendika aisome, waone kama preavi, malipo ya notisi, na siku za likizo zimehesabiwa. Tena, kama rafiki yako halali wiki mbili mfululizo, haogi, hali chakula, weka nyimbo pembeni umpeleke kwa daktari. Akisema hataki kuishi, usimwache peke yake hata kwa usiku mmoja: kaa naye, waambie ndugu wengine wawili, na mfuatane naye hospitali siku hiyo hiyo.