Maswali na Majibu Katika Mkutano Mkuu wa Saccos: Dhana Potofu na Ukweli

Katika mkutano mkuu wa mwaka wa Saccos, kipindi cha maswali huja baada ya taarifa ya mapato na matumizi kusomwa, na mara nyingi hapo ndipo ratiba huvurugika. Utaratibu wa kukinusuru unafahamika: awepo mwongoza maswali, muda uwe na kikomo, na maswali yasiyomalizika yaandikwe viporo. Kinachoukwamisha ni dhana zifuatazo.

Dhana: Mwenyekiti wa bodi ndiye anayestahili kuongoza maswali, kwa kuwa mkutano ni wake.

Ukweli ni kwamba mwenyekiti ni mmoja wa wanaoulizwa. Mwanachama anayetaka kujua kwa nini mikopo chechefu imeongezeka anaihoji bodi, na si haki anayehojiwa awe ndiye anayegawa zamu za kuhoji. Mwenyekiti hubaki kuwa kiongozi wa mkutano, lakini kwa kipindi hicho humkabidhi kipaza sauti mwanachama asiye mjumbe wa bodi wala mtendaji, anayeheshimiwa na pande zote. Huyo hajibu chochote. Hulipokea swali, hulirudia kwa sentensi moja ili mwulizaji athibitishe, humtaja anayepaswa kulijibu, awe meneja, mhasibu au kamati ya mikopo, kisha humgeukia mwulizaji na kumwuliza kama amejibiwa.

Dhana: Kuweka kikomo cha muda ni kuwaziba wanachama midomo.

Hesabu inaonyesha kinyume chake. Tuseme zimetengwa dakika 45, na 5 za mwisho ni za kusoma viporo. Mwulizaji akipewa dakika 1, mjibu dakika 2, na nusu dakika ikatumika kupitisha kipaza sauti, dakika 40 zinatosha maswali 11. Bila kikomo, mtu mmoja huweza kuhutubia kwa dakika 6 na meneja akajieleza kwa dakika 5. Kwa mwendo huo hata swali la nne halikamiliki. Wanaozibwa midomo ni wale waliokaa nyuma wakiwa wameinua mikono.

Kikomo hicho kinambana pia mjibu, jambo ambalo bodi nyingi hulisahau kwa urahisi wa kushangaza. Mtunza muda aketi mahali anapoonekana na wote wawili, ainue kadi ya njano zinapobaki sekunde 15 na nyekundu muda unapokwisha. Aidha, ile desturi ya kupokea maswali matatu kwa mpigo kabla ya kujibu ina kasoro: mjibu huyaeleza kwa kirefu mawili mepesi, na lile zito likapita bila mtu kuligusa. Ni afadhali swali moja, jibu moja.

Dhana: Swali lolote gumu linaweza kuwekwa kiporo.

Halitakiwi kuwekwa kiporo likiwa linagusa jambo litakalopigiwa kura siku hiyohiyo. Bodi ikipendekeza gawio, na mwanachama akauliza fedha zake zinatoka kwenye ziada ya mwaka au kwenye akiba ya chama, jibu lazima litolewe kabla ya kura. Kama mhasibu hana takwimu, kinachoahirishwa ni kura yenyewe.

Dhana: Swali likiwekwa kiporo limezikwa.

Hilo hutegemea limeandikwaje. Neno moja kama “makato” kwenye bango kitita halimwajibishi mtu yeyote, na dalili ya viporo vilivyoandikwa hivyo ni kwamba maswali yaleyale huibuka tena kwenye “mengineyo” kabla mkutano haujafungwa. Chukua mfano wa mwanachama anayesema kuwa alikatwa rejesho kwenye mshahara wa Machi, lakini salio la mkopo wake halikupungua. Swali hilo linahitaji daftari lifunguliwe, tena ni siri ya akaunti yake, hivyo si la kujibiwa ukumbini. Katibu aandike: “Rejesho la Machi halijaonekana kwenye salio, mjibu ni mhasibu, jibu kwa barua ndani ya siku 7.” Jina na namba ya uanachama vibaki kwenye daftari la katibu, visiwekwe kwenye bango.

Katika zile dakika 5 za mwisho, mwongoza maswali husoma viporo vyote kwa sauti, na kila mjibu aliyetajwa huitikia hadharani kwamba amekubali tarehe yake. Orodha huambatishwa kwenye muhtasari wa mkutano. Majibu yanayowahusu wanachama wote hubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi, na katika mkutano unaofuata kila kiporo husomwa chini ya “yatokanayo na muhtasari”, pamoja na tarehe kilipojibiwa.