MOU yenye pauni moja ndani

Wiki jana chairman wa kikundi cha wafuga samaki wa vizimba hapa Dunga alinitumia drafti kutoka kwa kompani moja ya Uingereza inayotaka kununua samaki wao, akaniambia wakili hii ni MOU tu, yaani hati ya maelewano, si mkataba, nisaini tukimbie? Nikamwambia mzee ngoja kwanza.

Jina lililo juu ya karatasi halimzuii jaji. Anasoma yaliyo ndani, anaangalia kama nyinyi wawili mlikusudia kufungwa na sheria, kama mambo ya maana kama bei na kiasi yameelezwa wazi, na kama kila upande umetoa kitu. Hata hapa Kenya ni hivyo, juu Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, imetuletea kanuni za mikataba za Waingereza.

Sasa drafti ya mzee, kifungu cha 2 kinasema hati hii haifungi mtu, isipokuwa kifungu cha 7 hadi 9. Hapo kwa "isipokuwa" ndio watu hupita mbio. Cha 7 kinasema kikundi hakitaongea na mnunuzi mwingine yeyote kwa miezi 12, cha 8 ni cha kutunza siri, cha 9 ni kesi kusikizwa London. Yaani ile sehemu ya wao kununua samaki haiwafungi, lakini ile ya sisi kutouzia wengine inatufunga, na kuna mama wa soko la Kibuye hununua kwa mzee kila wiki, huyo ndiye angekuwa wa kwanza kufungiwa nje.

Halafu mwanzo wa cha 7 imeandikwa kompani imelipa pauni 1. Mzee alicheka sana, pauni 1 itanunua nini? Samaki hainunui, lakini kufuli inanunua. Kwa Waingereza ahadi ya bure haishikiki kortini hivi hivi, lazima upande wa pili utoe kitu, na korti haiulizi kama kitu chenyewe ni kidogo. Mwaka 1992, kwa kesi ya Walford na Miles, majaji walisema kukubaliana tu kwamba tutazidi kujadiliana hakumfungi mtu, ila kuahidi hutaongea na wengine kwa muda uliotajwa, na kuna kitu kimetolewa, hiyo inaweza kumfunga.

Kitu kingine nilimkataza ni kuanza kupeleka samaki kabla ya mkataba wenyewe kusainiwa. Ukipeleka, wakalipa, ukapeleka tena, korti inaweza kusema tayari mko na mkataba kwa matendo yenu, na masharti yake mtaanza kuyabishania baadaye.

Tuliwarudishia tukitaka siku 60 badala ya miezi 12, wateja wa zamani waachwe nje ya kifungu cha 7, na kesi ziwe Kisumu. Juzi wakajibu: siku 90, mama wa Kibuye sawa, kesi Nairobi. Pauni 1 wameiacha palepale, na mzee bado anauliza atalipwa lini.