Sato wa moshi ameota ukungu: maswali na majibu

Nilinunua sato mwaloni, nikawapasua na kuwabanika kwa moshi jioni moja mpaka wakawa wagumu na rangi ya kahawia. Nikawafunga kwenye mfuko wa plastiki. Siku ya tano wameota ukungu. Nilikosea wapi?

Ugumu ulioushika ulikuwa wa nje tu. Moto ukiwa mkali tangu mwanzo, nyama ya juu hukaza mapema na kuyafungia ndani maji ya katikati. Ukishamfunga samaki, maji hayo husogea polepole hadi juu, na plastiki huyazuia yasitoke. Hapo ukungu umepata unyevu unaoutaka.

Macho hayatoshi kukuambia kama samaki amekauka, mizani inatosha. Tuseme baada ya kutoa matumbo na magamba umebaki na kilo 3 za sato. Zaidi ya robo tatu ya uzito huo ni maji. Samaki hao wakikauka vizuri watabaki na gramu 800 hadi 900 hivi. Kama mizani inasoma kilo moja na nusu, kazi bado, hata wakiwa na rangi nzuri kiasi gani.

Mpasue samaki kupitia mgongoni alale bapa, toa matumbo na mashavu, osha damu yote iliyoganda kwenye uti. Kwa kilo 3, koroga gramu 300 za chumvi katika lita 3 za maji safi na uwaloweke kwa saa moja, kisha wachuje kivulini wakiwa wamefunikwa chandarua ili nzi wasitage mayai. Chumvi hii hukaza nyama. Peke yake haitamhifadhi samaki. Panga kwenye wavu, anza na moto mdogo ambao kiganja chako kinauvumilia, saa moja au mbili, mpaka ngozi isinate. Ndipo uongeze moto samaki aive hadi kwenye mfupa, halafu upunguze tena na umwache akauke kwa saa nyingi huku ukimgeuza.

Usiku mtoe motoni, mfunike. Asubuhi bonyeza sehemu nene ya mgongo: mara nyingi aliyekuwa mgumu jana amelegea, kwa sababu maji ya ndani yamefika nje. Mrudishe motoni, na urudie hivyo mpaka asubuhi umkute mgumu kama ulivyomwacha. Tumia kuni kavu za miti migumu. Mbao zilizopakwa rangi au dawa, na plastiki ya kuwashia moto, huacha sumu kwenye nyama.

Nikikwangua ukungu na kuwaanika tena juani, si wanalika?

Hapana, watupe. Unachokwangua ni sehemu inayoonekana, ilhali nyuzi za ukungu zimeshaingia ndani ya nyama. Aina nyingine za ukungu hutoa sumukuvu ambayo jua haliiondoi na sufuria haiiondoi. Ila hakikisha kwanza kuwa ni ukungu kweli. Chembe za chumvi hung'aa, ni ngumu, na ukizidondoshea maji huyeyuka. Ukungu ni laini kama pamba, huwa mweupe, kijani au mweusi, na una harufu ya uvundo.

Wengine wana wadudu weusi na vibuu vyenye manyoya. Jirani ananiambia nipulize dawa ya mbu kidogo tu.

Tafadhali usifanye hivyo. Dawa hiyo haikutengenezwa kwa chakula. Huingia kwenye mafuta ya samaki na kubaki humo, na kumwosha kabla ya kupika hakuitoi yote. Watoto ndio huumia zaidi, kwa kuwa miili yao ni midogo.

Mdudu huyo hutaga kwenye mikunjo, hasa kichwani na mbavuni, na vibuu hutoboa nyama. Ukiona unga chini ya samaki na magamba makavu yenye manyoya waliyojivua vibuu, wameshazaliana. Samaki aliyetobolewa sana au anayenuka atupwe. Kama wadudu ndio kwanza wanaanza na nyama bado nzima, mkung'ute, mrudishe motoni mpaka awe wa moto sana hadi ndani, kisha mpike mapema. Moto huua mayai na vibuu vilivyomo, lakini haumzuii mdudu mpya kuja kesho.

Sasa niwahifadhi wapi?

Waache wapoe kabisa kwanza. Samaki akifungwa na joto hutoa jasho ndani ya chombo. Wafunge kwenye karatasi safi, waweke kwenye ndoo kavu yenye mfuniko unaobana, juu ya kichanja, mbali na ukuta wenye unyevu. Kila wiki wafungue na ubonyeze migongo. Wakati wa masika fanya hivyo kila baada ya siku 3, na ukikuta walegevu bila ukungu wala harufu mbaya, warudishe motoni siku hiyohiyo. Samaki wenye mafuta mengi, kama sangara wakubwa, usiwawekee matumaini ya miezi: hata wakikauka, mafuta yao huchacha, kwa hiyo waliwe kwanza.