Vita Kuu ya Kwanza na kura ya mwanamke wa Uingereza: anza na umri

Kila nikisahihisha insha za mada hii nakutana na hoja ileile: wanaume walikwenda vitani, wanawake wakashika kazi zao viwandani, serikali ikawashukuru kwa kuwapa kura mwaka 1918. Hoja hiyo ina alama zake, ila chache, maana ukiisoma sheria yenyewe inaporomoka.

Tuanze na kazi. Kabla ya 1914 mamilioni ya wanawake wa Uingereza walikuwa tayari wanafanya kazi za ujira, hasa kazi za ndani na viwanda vya nguo. Vita iliwahamisha zaidi ya ilivyowaanzishia kazi. Mwaka 1915 jeshi liliishiwa makombora, ikaundwa wizara ya silaha chini ya David Lloyd George, na wasichana wakaacha majiko ya matajiri kwenda viwandani, ambako mshahara ulikuwa mnono kuliko wa utumishi wa nyumbani.

Waliokuwa wakijaza baruti ya TNT kwenye makombora waligeuka rangi ya manjano ngozini, wakabandikwa jina la ndege kanari. Sumu hiyo iliharibu ini, na wengine iliwaua. Mlipuko wa kiwanda cha Barnbow, karibu na Leeds, uliua wanawake 35 Desemba 1916.

Lakini waliingiaje kwenye kazi za mafundi? Hapa ndipo insha nyingi hupita mbio. Machi 1915 serikali ilikubaliana na vyama vya wafanyakazi kwamba masharti ya nani aruhusiwe kufanya kazi za ufundi yalegezwe wakati wa vita tu. Kazi ya fundi ikakatwa vipande: fundi anaitayarisha mashine, mwanamke anaiendesha. Kwa kuwa hafanyi kazi nzima, waajiri wakapata kisingizio cha kumlipa pungufu. Na ahadi ya kurudisha mambo yalivyokuwa ilitimizwa kwa sheria ya mwaka 1919.

Sasa kura. Kilichowasukuma wabunge kwanza kilikuwa daftari la wapiga kura, na shida ya daftari hilo ilikuwa ya wanaume. Mwanamume wa kawaida aliandikishwa kwa kukaa mahali pamoja miezi 12, na askari aliyeko Ufaransa angekosa sifa hiyo. Nani angethubutu kumnyima kura? Kikao cha wabunge kikaitishwa chini ya Spika kuanzia Oktoba 1916, na mlango ulipofunguliwa kwa askari, chama cha Millicent Fawcett kilikuwa kimeshasimama hapo, baada ya miaka mingi ya kudai kura ya wanawake. Herbert Asquith, waziri mkuu hadi Desemba 1916 na mpinzani wa zamani wa kura hiyo, Machi 1917 aliiunga mkono akitaja kazi za wanawake wakati wa vita. Kwangu mimi, kazi hizo ziliwapa wanasiasa wa aina yake njia ya kugeuka bila aibu. Hiyo si nguvu ndogo, lakini si chanzo pekee.

Sheria ya Februari 1918 iliwapa kura wanaume wa miaka 21, na askari wa vita hiyo hata wa miaka 19. Mwanamke alitakiwa afikishe 30, tena yeye au mumewe awe na nyumba au eneo linalomwezesha kupiga kura za serikali za mitaa, au awe na sifa za chuo kikuu. Wanawake milioni 8.4 hivi walipata. Umri uliwekwa juu makusudi: wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na wabunge hawakutaka wawe wengi kwenye daftari.

Mchukue binti wa miaka 22, mjaza makombora. Vita inakwisha Novemba 1918, kiwanda kinampunguza. Akikataa kazi ya ndani aliyotafutiwa, anaweza kukatiwa posho ya wasio na kazi. Uchaguzi wa tarehe 14 Desemba, mdogo wake wa miaka 19 aliyerudi kutoka vitani anaruhusiwa kupiga kura. Mama yao, mke wa mwenye nyumba, naye anaruhusiwa. Yeye, aliyepumua ile sumu, hana kura. Kinachochekesha ni kwamba sheria nyingine ya Novemba hiyo ilimruhusu kugombea ubunge tangu miaka 21! Usawa wa umri ulikuja 1928.

Swali likiuliza "kwa kiasi gani", mweke binti huyu katikati ya insha, kisha pima kwa Ufaransa. Wanawake wa huko nao walijaza viwanda vya silaha, na Mei 1919 wabunge wakapitisha kura yao. Seneti ikaukataa mswada mwaka 1922, na Wafaransa wa kike wakasubiri hadi 1944.