Kuepuka kodi na kukwepa kodi, sio kitu kimoja jamani

Dhana: kodi ikipungua, ni wizi tu, umetumia njia gani haijalishi.

Hapana. Kuepuka ni kutumia kile sheria yenyewe imekuruhusu, kukwepa ni kuficha au kudanganya. Chukua mfano rahisi wa wafanyabiashara wawili wanaotozwa kwa faida, tuseme asilimia 30. Kila mmoja ameuza 1000, mzigo aliouza aliununua 700, na pango pamoja na usafiri 100. Faida ya kweli ni 200, kodi 60.

Wa kwanza miaka yote alikuwa hatunzi risiti za pango na usafiri, kwa hiyo alihesabiwa faida 300 na kulipa 90, sasa kaanza kuzitunza na kuzidai, analipa 60. Wa pili naye hana risiti ila kaona njia fupi, kaandika mauzo 900 badala ya 1000, akatoa 700 ya mzigo, faida ikatoka 200, kodi 60.

Wote wamelipa 60! Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. Yule wa kwanza akikaguliwa anatoa risiti na mambo yanaishia hapo, wa pili ametoa taarifa ya uongo, na hilo ni kosa hata kama gharama zake za pango zilikuwa za kweli kabisa. Mimi huyu wa pili ndiye ananiuma zaidi maana haki yake alikuwa nayo, karatasi tu ndo hakuwa nazo.

Dhana: mauzo ya keshi hayaonekani.

Yanaonekana, tena bila mtu kukuvizia dukani. Mkaguzi anaangalia umenunua mzigo kiasi gani, anauliza unauza kwa bei gani, anahesabu mauzo yalipaswa kuwa ngapi, halafu analinganisha na pesa zilizoingia benki na kwenye simu. Aliyekuuzia jumla naye ana vitabu vyake na jina lako limo. Zile 100 za mauzo yaliyofichwa zikipatikana unadaiwa kodi ya 30 uliyoificha, juu yake faini na riba ya kuchelewa, na nchi nyingi ukibainika ulificha makusudi unaweza kushtakiwa jinai.

Dhana: ukiwa na risiti, kila kitu ni gharama.

Sio kweli, ada ya mtoto na pango la nyumba unayolala sio gharama za duka, ukiziingiza huku unajua umeshavuka kwenda kwenye kukwepa, na risiti feki uliyoinunua ni mbaya zaidi kwa sababu inakuwa ushahidi wa kughushi.

Halafu kitu ambacho wengi hawaambiwi: kama unatozwa kwa mauzo ghafi badala ya faida, gharama kwa kawaida hazipunguzi chochote. Hapo njia halali, pale sheria inaporuhusu kuchagua, ni kuomba uhamishiwe kwenye kodi ya faida, na hutaiweza kama huna vitabu vya hesabu.