Digrii za uhuru katika aloi ya risasi na bati: zinahesabiwaje?

Waya wa kulehemu anaonunua fundi wa redio huandikwa 60/40 au 63/37. Namba ya kwanza ni asilimia ya bati kwa uzito, ya pili ni ya risasi. (Bati ninalolisema hapa ni metali yenyewe, stani, si mabati ya kuezekea, ambayo ni chuma.) Ukiondoa chuma cha moto kwenye kiungo kilicholehemiwa kwa 60/40, tone la lehemu huwa kama uji kwa muda mfupi, kati ya nyuzi 190 na 183 hivi, ndipo ligande kabisa. Kiungo kikitikiswa wakati huo, hutoka chenye kukwaruza na hafifu. Lehemu ya 63/37 haina uji huo: iko majimaji, kisha yote inaganda kwenye nyuzi 183. Asilimia tatu tu za tofauti, na tabia imebadilika. Sababu tunaipata kwa kuhesabu digrii za uhuru.

Kanuni ya faza iliwekwa na Josiah Willard Gibbs wa Marekani katika miaka ya 1870. Kwa kazi yetu, ambapo mgandamizo ni ule ule wa hewa ya kawaida na haubadiliki, tunaiandika hivi:

F = C − P + 1

C ni idadi ya vijenzi, na hapa ni viwili, risasi na bati. P ni idadi ya faza, yaani sehemu za maada zenye sifa moja zinazotengana kwa mpaka. F ndiyo digrii za uhuru: ni vitu vingapi unaweza kuvibadilisha upendavyo, kidogo kidogo, bila faza yoyote kutoweka wala mpya kuzaliwa. Vitu vyenyewe ni halijoto na muundo wa kila faza, yaani katika faza hiyo bati ni asilimia ngapi.

Kanuni hii si ya kukariri tu, unaweza kuijenga mwenyewe. Chukua kimiminika kikiwa pamoja na aina moja ya mango. Kuna vitu vitatu visivyojulikana: halijoto, asilimia ya bati katika kimiminika, na asilimia ya bati katika mango. Lakini faza hizo zimefikia mizani, kwa hiyo msukumo wa kikemia wa risasi lazima uwe sawa pande zote mbili, la sivyo risasi ingeendelea kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Huo ni mlinganyo mmoja. Wa bati nao lazima uwe sawa, mlinganyo wa pili. Tatu toa mbili, inabaki digrii moja. Kukiwa na kimiminika na mango za aina mbili, visivyojulikana ni vinne, halijoto na miundo mitatu. Kila kijenzi sasa kinadai usawa kati ya faza tatu, yaani milinganyo miwili, na kwa vijenzi viwili ni minne. Nne toa nne ni sifuri. Hakuna kilichobaki cha kuchagua.

Sasa tuyeyushe aloi yenye bati asilimia 40 na risasi asilimia 60, tuipashe hadi nyuzi 300, kisha tuiache ipoe polepole. Juu kule yote ni kimiminika kimoja. P ni 1, F ni 2. Unaweza kupunguza joto kidogo, au kuongeza kipande cha bati, au kufanya yote mawili, na bado utakuwa na kimiminika tu.

Ikifika karibu nyuzi 238, chembe za kwanza za mango huanza kujitokeza. Ni mango yenye risasi nyingi, na ndani yake imeyeyukiwa na bati kiasi. P imekuwa 2, F imeshuka hadi 1. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, na swali lao ni la haki kabisa: kwenye mchoro wa faza eneo hili ni pana, naweza kusogea juu na chini kwa halijoto, kulia na kushoto kwa muundo. Mbona kanuni inasema moja?

Jibu ni kwamba ukisogea kulia au kushoto ndani ya eneo la faza mbili, hubadilishi muundo wa faza yoyote. Tuseme umesimama kwenye nyuzi 200. Halijoto hiyo peke yake imeshaamua kwamba kimiminika kina bati asilimia 56 hivi, na mango ina asilimia 18 hivi. Ukiongeza bati kwenye chungu na kurudisha nyuzi 200, kimiminika kitabaki na 56 yake na mango na 18 yake. Kitakachobadilika ni kiasi: kimiminika kitazidi, mango itapungua. Kanuni ya faza haihesabu kiasi cha faza. Gramu moja ya mango na kilo moja ya mango kwake ni faza moja ile ile. Ukilishika hili, sehemu kubwa ya utata imekwisha.

Aloi inaendelea kupoa. Mango inajitenga, na kwa kuwa imebeba risasi nyingi, kimiminika kinachobaki kinazidi kuwa na bati. Kinapofika nyuzi 183 kina bati asilimia 61.9, na mango inayoambatana nacho ina asilimia 18.3. Kiasi chake tunakipata hivi: 40 toa 18.3 ni 21.7, 61.9 toa 18.3 ni 43.6, gawanya ya kwanza kwa ya pili, karibu nusu. Nusu ya aloi bado ni kimiminika.

Hapo inazaliwa mango ya pili, ile yenye bati jingi, asilimia 97.8. P ni 3, F ni 0. Chungu kinaendelea kupoteza joto kwa hewa, lakini halijoto haishuki. Joto linalotoka ni la kuganda kwa ile nusu iliyobaki. Ukichora grafu ya halijoto dhidi ya muda, utaona mstari ulioinama, kisha mlalo kwenye 183. Mlalo unakatika pale tone la mwisho la kimiminika linapoisha: faza zimebaki mbili, F imerudi kuwa 1, na halijoto inashuka tena. Chembe za bati na risasi zilizogandia pamoja zisikudanganye ukazihesabu faza moja, hata kama kwa macho zinaonekana kitu kimoja. Ni mbili, katika tabaka nyembamba zilizopishana.

Sasa lehemu ya 63/37 inaeleweka. Muundo wake umekaa karibu kabisa na 61.9, hivyo inaruka ile hatua ya F sawa na 1, ambayo ndiyo uji wenyewe, na kutoka kimiminika inaangukia moja kwa moja kwenye sifuri.

Ukipima mwenyewe, grafu inaweza kuzama nyuzi chache chini ya 183 kisha ikapanda na kutulia. Kanuni haijavunjika. Mango ya pili imechelewa kuzaliwa, na kwa muda huo mfumo haukuwa katika mizani, nayo kanuni ya Gibbs inahesabu mizani tu. Soma halijoto kwenye mlalo, si kwenye shimo. Na sifuri yenyewe imetokana na kuufunga mgandamizo. Ukiuachia ubadilike, ile +1 inakuwa +2, faza tatu zinapata digrii moja, na nyuzi 183 zinaanza kusogea kufuata mgandamizo.